Wasifu wa kwanza wa WhatsApp Business kwa simu ndogo na bando la MB 500: uanze na kipi

> "Wakuu, nauza mafuta ya alizeti ya Singida hapa Dodoma mjini, na kuku wa kienyeji wakipatikana. Simu yangu ni Android ndogo ya GB 16, laini mbili, bando langu ni MB 500 kwa wiki. Nataka kufungua WhatsApp Business, lakini naogopa bando litaisha kabla sijamaliza. Nianze na kipi?"

Dada, wasifu wenyewe hauli bando. Jina, maelezo, saa za kazi na anwani ni maandishi tu, na maandishi yote hayo hayafikii hata uzito wa picha moja. Kinachomaliza bando ni kupakua programu, picha na video za magrupu zinazojishusha zenyewe, na simu kujihifadhia mambo yake nyuma ya pazia bila wewe kujua. Kwa hiyo ziba kwanza matundu hayo, ndipo uandike.

Kabla ya kupakua chochote, piga *106# uangalie laini unayotaka kuitumia imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ikiwa iko kwa jina la shemeji au la mwenye duka aliyekuuzia, iache au uibadilishe kwanza. Mwenye jina ndiye anayeweza kuirudisha laini ikipotea, na namba ya siri ya tarakimu sita ya kuthibitisha WhatsApp hutumwa kwenye laini hiyo. Ukishajenga wateja juu ya laini ya mtu mwingine, wateja hao wako mikononi mwake.

Kisha amua laini ipi. Namba moja haiwezi kuwa kwenye WhatsApp ya kawaida na WhatsApp Business kwa wakati mmoja. Kwa kuwa una laini mbili unaweza kuwa na programu zote mbili, lakini kwenye simu ya GB 16 sikushauri, kwa sababu mfumo wa simu peke yake umeshakula sehemu kubwa ya nafasi, na programu mbili zina maana ya masasisho mara mbili. Kama wateja wanaijua namba yako ya sasa, ihamishe hiyo hiyo. Ukifungua WhatsApp Business itaiona namba iliyopo na kukuuliza kama unataka kuitumia. Ukikubali, mazungumzo yanahamia humo humo ndani ya simu, huna haja ya kuyapandisha mtandaoni kwanza. Kinachohitajika ni nafasi, basi futa video za magrupu kabla, na usiifunge programu wala kuzima simu mpaka imalize. Ujue pia kwamba kurudi kwenye ile ya kawaida baadaye si rahisi hivyo, mazungumzo hayarudi yenyewe.

Programu yenyewe ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote. Play Store huonyesha ukubwa wake, na ni makumi ya MB, kwa hiyo ipakue palipo na Wi-Fi ya jamaa, ya ofisini au ya chuo, au kwa bando la usiku kama mtandao wako unalo. Ukiwa hapo hapo Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia Settings, kisha Network preferences, halafu Auto-update apps, uchague Over Wi-Fi only. Usipofanya hivyo, siku utakayoweka bando jipya simu itasasisha kila kitu kwa mkupuo na utaona MB 300 zimeondoka kabla hujatuma ujumbe mmoja. Kama upakuaji umeganda kwenye Pending kwa muda mrefu, mara nyingi kuna programu nyingine iliyotangulia kwenye foleni, au nafasi imejaa. Angalia hayo mawili kabla ya kulaumu mtandao.

Ukishaingia, usiguse wasifu bado. Nenda Settings, Storage and data, Media auto-download, fungua When using mobile data, uondoe alama zote nne: picha, sauti, video na nyaraka. Kunyamazisha grupu hakusaidii hapa, kunazima mlio tu na picha zinaendelea kushuka. Kisha tafuta Chat backup ndani ya Chats, uweke Never au Wi-Fi pekee. Halafu Account, Two-step verification, weka PIN ya tarakimu sita na uongeze barua pepe unayoweza kuifungua. Ukiisahau PIN na hukuweka barua pepe, utasubiri siku saba kabla ya kuingia tena, na kwa mfanyabiashara hiyo ni wiki nzima ya wateja.

Sasa wasifu. Andika maelezo kwanza kwenye programu ya kuandikia maneno ukiwa umezima data, uyasome kwa sauti, kisha unakili. Nafasi ya maelezo ni herufi 512, nafasi tupu zikihesabiwa. Kwa biashara yako ningeandika hivi:

> Mafuta ya alizeti kutoka Singida, yamekamuliwa na kuchujwa. Lita 1, 5, 10 na 20. Tupo Majengo, Dodoma mjini. Tunapeleka Nkuhungu, Chang'ombe, Area C na Kisasa, nauli ya bodaboda ni ya mteja. Uliza bei ya leo hapa hapa.

Ona kwamba hakuna "karibuni sana wateja wetu wapendwa". Mteja anataka kujua unauza nini, kwa ujazo gani, uko wapi na mzigo unamfikiaje. Suala la nauli liandikwe mapema, maana ndilo linalovunja mauzo mengi mzigo ukiwa tayari mlangoni. Badilisha maeneo kulingana na unakofika kweli.

Kwenye jina, weka jina linalotaja bidhaa. "Mafuta ya Alizeti Majengo" linamwambia kitu mtu ambaye hajahifadhi namba yako, "Mama Nanii Enterprises" halimwambii chochote.

Saa za kazi zinakosewa sana kwetu, na kosa lenyewe halionekani upande wako. Programu inahesabu saa kwa mtindo wa 8:00 AM, wakati sisi tunasema saa mbili asubuhi. Mtu anaweka 2:00 AM hadi 1:00 PM akidhani ameandika saa mbili asubuhi hadi saa moja usiku, kisha mteja anayefungua wasifu saa tisa alasiri anaona biashara imefungwa na kuondoka kimya kimya. Saa mbili asubuhi ni 8:00 AM, saa moja usiku ni 7:00 PM. Anwani iandike kwa maneno na alama inayojulikana mtaani kwako. Alama ya ramani inaweza kusubiri, inavuta data na kwenye simu ndogo inaganda.

Picha moja inatosha kuanzia, lakini iwe nzuri. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa kikavu, kwenye simu hizi mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ukungu. Chukua chupa ya lita moja inayopitisha mwanga, ifute vumbi na michirizi, iweke kivulini asubuhi mbele ya ukuta usio na maandishi. Mwanga utokee pembeni na kwa nyuma kidogo ya chupa, ndipo rangi ya dhahabu inapowaka na mteja anaona kwamba mafuta hayana mashapo. Ukipiga juani mchana, chupa inarudisha mwanga na kuacha doa jeupe katikati. Acha nafasi pembeni, kwa kuwa picha ya wasifu hukatwa duara na pembe zote zinapotea. Usipakue programu ya kupunguza picha, WhatsApp inazipunguza yenyewe wakati wa kutuma. Ingia pia Privacy uhakikishe Profile photo ni Everyone. Ukihamisha namba yenye mpangilio wa My contacts, mteja mpya ataona kivuli cha kijivu.

Baada ya hapo fungua Business tools (kwenye matoleo mapya ni Tools), ingia Catalog, uweke bidhaa moja tu: chupa ya lita 1, picha hiyo hiyo, na bei. Sehemu ya bei unaweza kuiacha wazi, na kwa kuwa bei ya alizeti hupanda na kushuka wengi huiacha. Mimi naona uiweke, maana kubadilisha tarakimu hakugharimu data ya kuhesabu na mteja aliyeona bei huuliza swali la pili badala ya la kwanza. Kila bidhaa hukaguliwa kabla ya kuonekana kwa wengine, kwa hiyo usishtuke ikichelewa. Maneno kama "yanatibu presha" yaondoe kabisa.

Kuku wa kienyeji usiwaweke. Sera ya biashara ya WhatsApp hairuhusu kuuza wanyama hai, mifugo ikiwemo, na pombe pia hairuhusiwi, jambo ambalo wauza mvinyo wetu wa Dodoma huligundua bidhaa ikishakataliwa. Usiijenge akaunti ya mafuta juu ya kitu kinachoweza kuifungia.

Mwisho wa siku ya kwanza, tengeneza kiungo chako. Ondoa sifuri ya mwanzo na alama ya kujumlisha, anza na 255:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Naomba%20bei%20ya%20mafuta
```

Ukiibakiza sifuri ukaandika 2550 kiungo kitadai namba si sahihi. Mpe mtu ambaye hajahifadhi namba yako akifungue kwenye simu yake, umwangalie: jina limetokea? Picha ipo? Saa zinasema wazi au imefungwa? Chupa inaonekana kwenye katalogi? Usijipime kwa simu yako, huko kila kitu huonekana sawa.

Ujumbe wa salamu, majibu ya haraka, kuunganisha Facebook na vile vibonye vya kutangaza kwa kulipia, viache. Kazi ya wiki ya kwanza ni kuwaomba wateja ulio nao wahifadhi namba yako, nawe uhifadhi zao, kwa sababu status inaonwa na waliohifadhiana tu. Na ukitaka kuwatumia wateja kadhaa picha moja, itume kwa wa kwanza kisha uisambaze kutoka kwenye mazungumzo hayo kwa Forward. Ukiichagua upya kutoka kwenye galari kila mara, simu inaipandisha upya kila mara, na hapo ndipo bando lako linapokwenda.