Hela inaingia ila haitoki: akaunti yangu ilivyozuiwa na nilivyoifungulisha

Jamani leo naandika hili maana wiki hii tu wadada wawili wameniuliza kitu kilekile, na mwenyewe yalinikuta Desemba 2024 nikakosa usingizi karibu wiki tatu. Mimi nauza vitenge, nina kakibanda Kariakoo na wateja wengine wa mikoani nawatumia kwa basi, na pia ndo mweka hazina wa kikoba chetu cha wanawake 24 huku Mbagala. Hela za kikoba zilikuwa zinapita kwenye akaunti yangu binafsi. Najua wengi mnafanya hivyo hivyo, ndo maana nasimulia.

Ijumaa tarehe 13 asubuhi mteja wa Mwanza kanitumia 180,000, meseji ya benki ikaingia fresh na salio likaongezeka. Nikaenda ATM nitoe laki mbili, ikakataa. Nikadhani mashine mbovu, nikaenda nyingine, ikakataa. Apu inafunguka, salio naliona, nikihamisha inagoma na kuniambia niwasiliane na tawi. Kwa wakala nako hivyo hivyo.

Sasa hapa ndo pa kushika kwanza. Kama kadi tu imekataa ila kwenye simu unatoa vizuri, hiyo ni kadi au namba ya siri imejifunga kwa kukosea mara nyingi, hilo dogo. Kama salio lote unaliona ila kuna kiasi fulani tu huwezi kukigusa, mara nyingi kuna hela iliingia kwako kimakosa na benki imeshikilia hicho kiasi mpaka mwenyewe apatikane. Ila kama hela inaingia bila shida na kila njia ya kutoa imegoma, ATM, apu, wakala, kaunta, ujue umewekewa zuio la kutoa. Akaunti haijafungwa na hela yako ipo, ila kuna mtu ndani ya benki kaweka alama kwamba isitoke mpaka kitu fulani kieleweke.

Jumamosi nikawahi tawini. Dada wa huduma kwa wateja kaangalia kwenye kompyuta, akaniambia imezuiwa na makao makuu, niandike barua kueleza chanzo cha fedha. Nikamuuliza kwani nimefanya nini, akasema hawezi kusema zaidi ya hapo. Nilimkasirikia sana yule dada, nikapaza sauti mpaka mlinzi akasogea, na leo najua nilimkosea. Kuna Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006, inazitaka benki zikiona miamala isiyoeleweka ziripoti kwenye kitengo cha serikali cha fedha haramu, na inakataza kabisa mfanyakazi kumwambia mteja kama ameripotiwa au la. Kwa hiyo wa kaunta pengine hajui chochote, na akijua haruhusiwi kukwambia. Kumng'ang'aniza hakukusaidii.

Unachoweza kumuuliza na akakujibu ni hiki: zuio hili limewekwa na benki yenyewe au limetoka nje? Hilo swali lina thamani kubwa kuliko yote. Likitoka nje, yaani amri ya mahakama, au TRA wanadai kodi, au uchunguzi wa polisi, benki haina uwezo wa kuliondoa hata meneja akuonee huruma vipi, inabidi uende huko lilikotoka umalizane nao, halafu wao ndo waiandikie benki. Kuna watu wanashinda benki mwezi mzima wakati deni liko TRA. Mimi nilijibiwa ni la benki yenyewe, nikashukuru maana hapo kazi ni ya maelezo na karatasi.

Sasa kwa nini mimi? Hili nilikuja kuelewa baadae nilipokaa na afisa mmoja mtu mzima, kanieleza bila kunificha jinsi mfumo unavyoangalia. Akaunti ile niliifungua 2019 nikiwa nimeajiriwa dukani Gerezani, kwenye fomu nikajaza kipato 350,000 kwa mwezi, kazi muuzaji wa duka. Benki ikashika hivyo, kwao mimi ni mtu wa laki tatu na nusu mpaka kesho, sijawahi kurudi kuwaambia nimeacha kazi na nina biashara yangu. Halafu angalia kilichotokea: kuanzia tarehe 2 mpaka 12 Desemba zimeingia milioni 14 na laki 6, mara 31, kutoka namba za simu za watu tofauti kibao. Milioni 12 na laki 4 zilikuwa za kikoba maana tunavunja Desemba na kila mtu anarudisha mkopo, iliyobaki ndo mauzo yangu ya vitenge. Na Alhamisi tarehe 12 nikatoa milioni 4 na laki 8, maana tulikubaliana kila mwanachama apate mchele na mafuta ya 200,000, tulipe kwa muuzaji wa jumla. Wakala wa kwanza hakuwa na hela ya kutosha, nikachukua aliyokuwa nayo, nikaenda wa pili, nikaenda wa tatu, mchana mmoja.

Yaani mwenyewe niliona nahangaikia mchele wa wenzangu. Ila ukiangalia kwa jicho la benki, ni mtu wa mshahara mdogo anayepokea hela za watu wengi asioeleweka anahusiana nao vipi, kisha anazitoa vipande vipande kwa mawakala tofauti. Matapeli wa zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" wanafanya hivyo hivyo. Mfumo hauwezi kujua kama wewe ni mama wa kikoba.

Kosa langu kubwa lilikuja Jumatatu tarehe 16. Nikaandika barua fupi, nikasema fedha zote ni za biashara ya vitenge. Niliona nikitaja kikoba nitaharibu zaidi, na mwenyekiti wetu naye akaniambia mwanangu usiwape maneno mengi. Alhamisi wakanipigia nipeleke namba ya mlipakodi, leseni, na risiti za mauzo ya milioni 14. Nitoe wapi risiti za milioni 14 wakati mauzo ni milioni 2 na laki 2? Barua yangu ikawa haiendani na karatasi zangu, na hapo ndo unaonekana una kitu unaficha kweli. Ijumaa nikarudi nikamwambia yule afisa ukweli wote, akaniambia "dada ungesema hivi toka mwanzo ungekuwa umeshamaliza."

Tukaanza upya, na hii ndo njia ambayo ningemshauri yeyote aanze nayo. Niliomba stetimenti ya miezi sita, ile iliyogongwa muhuri. Nikakaa na daftari la kikoba usiku, nikachukua kalamu mbili za rangi, kila muamala wa kikoba nikapaka njano na wa vitenge kijani. Halafu nikaandika jedwali la mkono: tarehe, kiasi, jina la aliyetuma kama linavyosomeka kwenye stetimenti, na sababu, mfano "rejesho la mkopo wa Agosti" au "hisa za Novemba". Kwenye ile mistari 31, miwili majina hayakulingana maana wanachama walitumia simu za waume zao, nikaandika hivyo hivyo na wenyewe wakasaini pembeni. Na kwenye hela iliyotoka nikaambatanisha risiti ya mchele na mafuta ya milioni 4 na laki 8, ilivyo sawa na 24 mara 200,000. Afisa akasema ile risiti ndo iliyomsaidia zaidi, kwa sababu ilionesha hela zilikoenda, na watu wengi wanaeleza zilikotoka tu.

Karatasi nyingine nilizopeleka ni kitambulisho cha NIDA na wakachukua alama za vidole pale pale, barua ya serikali ya mtaa inayoonesha nakaa wapi sasa maana nilishahama, namba ya mlipakodi na leseni ya kibanda, kopi ya katiba ya kikoba, na muhtasari wa kikao ulionichagua mimi kuwa mweka hazina, umesainiwa na mwenyekiti na katibu. Nikajaza pia fomu ya kuhuisha taarifa: kazi mpya, kipato halisi, na wastani wa hela zinazoingia kwa mwezi. Msiogope kuandika kipato cha kweli. Barua nikapeleka nakala mbili, moja wakanigongea muhuri wa kupokelewa wenye tarehe nikaondoka nayo. Hiyo nakala usiiache, maana benki ikikaa kimya ndo ushahidi wako wa kupeleka malalamiko Benki Kuu, wana dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki, ila watakuuliza kwanza kama ulishalalamika kwa maandishi kwenye benki yako.

Vitu vya kutofanya wakati unasubiri. Usiwaambie watu waendelee kutuma kwenye akaunti ileile, kila kinachoingia kinanasa humo na kinahitaji maelezo mapya, mimi yule wa Mwanza laki na themanini yake ilikwama nikanunua mzigo wake kwa kukopa. Usikimbilie kufungua akaunti benki nyingine ya kupitishia hela zilezile za kikundi, utahamisha tatizo. Na kuweni macho na simu, siku hizo kuna mtu alinipigia akasema ni wa benki, anifungulie akaunti nimtajie namba ya siri. Sijui alipata wapi habari. Nilikata. Hakuna benki inayoondoa zuio kwa kuuliza namba ya siri.

Kama shida yako ni kwamba akaunti imelala tu kwa kutotumika muda mrefu, hiyo wala usijaze kurasa, nenda na NIDA, jaza fomu, weka hela kidogo, inaamka.

Barua ya pili niliipeleka Jumatatu tarehe 23, katikati kukawa na Krismasi na Boksingi Dei, na tarehe 30 saa nne asubuhi nikajaribu kuhamisha elfu kumi ikapita. Niliketi chini pale kibandani nikalia. Wanachama wangu wawili walikuwa wameshaanza kusema nimekula hela, na ile stetimenti yenye rangi ndo niliyowaonesha wote Jumanne tulipogawana.

Januari tukaenda halmashauri kuanza kusajili kikundi, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavihusu hata vikoba, na usajili ndo unaowapa akaunti ya jina la kikundi. Yetu ina watia saini watatu, na kutoa lazima wawili wawepo, mimi nikiwa mmoja wao. Akaunti yangu sasa hivi inapokea hela za vitenge tu.