Posho ya kuhamia Mombasa

"Nimepata kazi Mombasa. Mwajiri anasema atanipa 60,000 za kuhama, lakini deposti ya nyumba ni juu yangu. Nikubali?"

Dada, kwanza muulize pesa hizo zinapitia wapi. Zikiingia kwenye mshahara kama posho, zinakatwa kodi: kwa aliye kwenye kiwango cha asilimia 30, 18,000 zinaondoka kabla ya makato mengine. Afadhali kampuni imlipe mwenye lori moja kwa moja, kwa risiti yenye jina la kampuni.

Deposti nayo, mara nyingi kodi ya nyumba ya mwezi mmoja, hulipwa pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza. Nyumba ya Nyali ya 35,000 itakudai 70,000 kabla hujapokea mshahara. Omba mkopo wa mshahara, na uandikwe kwenye barua ya ajira.