WBC imepanda, PCT imeshuka: antibiotiki ziendelee au ziachwe?

Karatasi ya maabara inarudi wodini siku ya 4, chembe nyeupe za damu, yaani WBC, zimepanda, na mtu tayari anaulizia dawa kali zaidi. Kabla ya kugusa antibiotiki, fungua chati uone kama mgonjwa anapewa steroidi: haidrokotisoni, deksamethasoni au prednisoloni.

Chukua mfano wa mkulima wa zabibu kutoka Hombolo, miaka 58, mwenye pumu. Analetwa Dodoma mjini na nimonia, presha 84/50, anapumua mara 34 kwa dakika. MRDT haionyeshi malaria. Hapo hakuna cha kusubiri. Damu ya kuotesha inachukuliwa mara mbili, kila chupa mililita 8 hadi 10, kisha antibiotiki zinaingia ndani ya saa ya kwanza. PCT, yaani prokalsitonini, protini ya damu inayopanda kwenye maambukizi ya bakteria, nayo inapimwa ya kuanzia pamoja na damu hiyo, lakini si yenyewe inayoamua dawa ianze au isianze. Prokalsitonini huanza kupanda baada ya saa chache na huchukua hadi siku nzima kufika kileleni, kwa hiyo jibu dogo la mapema linaweza kukudanganya huku mgonjwa akizidiwa. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa 2021 nao unashauri isitumike kuamua kuanza dawa. Kazi yake iko kwenye kuacha.

Majibu yake yalikwenda hivi. Siku ya 1 PCT ilikuwa 9.4 ng/mL na WBC 17.8. Siku ya 2 PCT ikafika 15.6. Siku ya 4 ikashuka hadi 3.9, lakini WBC ikawa 21.3. Homa imekwisha, presha imesimama, anakula ugali mwenyewe, na bado anapewa prednisoloni kwa ajili ya pumu.

Hiyo 21.3 imetoka wapi? Chembe nyingi nyeupe hukaa zimeng'ang'ania kuta za mishipa ya damu, na mashine haihesabu zilizoko ukutani. Steroidi huzibandua, zikaingia kwenye mkondo, hesabu ikapanda bila bakteria hata mmoja kuongezeka. Degedege, uchungu wa uzazi na upasuaji navyo hupandisha WBC. Ukiwa na shaka, mwombe mtu wa maabara atazame damu kwenye kioo. Chembe changa zikiwa nyingi, fikiria maambukizi. Zikiwa karibu zote zimekomaa, steroidi inatosha kuwa maelezo. Na usisahau upande wa pili: WBC chini ya 4 kwa mgonjwa mahututi ni habari mbaya, si nafuu.

Sasa hesabu ya kuacha. Kanuni ni PCT kushuka kwa asilimia 80 au zaidi kutoka kileleni, au kufika 0.5 au chini, na mgonjwa awe ametulia. Kilele ni 15.6, kwa hiyo mstari wa kuacha ni 15.6 × 0.2, yaani 3.1. Siku ya 4 bado hajaufikia. Siku ya 5 anapata 2.1: dawa inaachwa, japo WBC bado iko juu. Angehesabiwa kwa ile 9.4 ya mapokezi, mstari ungekuwa 1.9, na angeendelea kudungwa bila sababu. Ndiyo maana kipimo cha siku ya 2 si cha kubana matumizi, hata kama familia inalipa taslimu. Tumia mashine ileile kila mara. Vile vipimo vya kijiti vinavyosema tu "kati ya 2 na 10" haviwezi kukupa asilimia.

Hesabu hii ina mipaka. Malaria kali yenyewe hupandisha PCT, hivyo MRDT itangulie, hasa kwa aliyetoka safari ya Kanda ya Ziwa. Figo zilizofeli, majeraha makubwa na mshtuko wa presha pia huipandisha. Mtoto mchanga wa siku mbili za kwanza huwa nayo juu bila ugonjwa, wala usimpime kwa viwango vya mtu mzima. Kifua kikuu na jipu lililojifunga huweza kuiacha chini. Maambukizi ya valvu za moyo, ya mifupa na ya stafilokoka kwenye damu yana muda wake wa dozi, na PCT haiufupishi.

Dawa ikiwa sahihi na chanzo kimedhibitiwa, PCT hupungua karibu nusu kila siku. Ikiganda palepale kwa siku mbili au tatu, usirukie kuongeza antibiotiki ya tatu. Soma majibu ya kuotesha kama mdudu ni sugu, kisha peleka mgonjwa ultrasaundi: usaha uliozunguka pafu au ulio ndani ya ini mara nyingi hautoki kwa sindano ya mshipani peke yake, unatolewa kwa mrija.