Nywele za Napoleoni zina aseniki

"Wakuu, nywele za Napoleoni zilikutwa na aseniki nyingi. Si alilishwa sumu huyo?"

Aseniki ilikuwemo kweli, jamaa wa Moshi hapo juu hajakosea. Ila mwaka 2008 watafiti wa Italia walipima hadi nywele zake za utotoni kule Korsika, na za mkewe Josefina. Viwango vilifanana. Sasa mtoto naye alilishwa na nani? Zama zile aseniki ilikuwa kwenye dawa na rangi za ukutani. (Hapa Arusha mkubwa akifa, matanga hayajaisha mtaa umeshamtaja mtia sumu.) Madaktari waliompasua mwaka 1821 walikuta kidonda kimetoboa tumbo, ini likaziba tundu. Wanachobishania zaidi wataalamu ni kama kidonda hicho kilikuwa saratani.