Mguu mwekundu wenye joto: maswali yenu wiki hii

Mimi ni mweusi tii, daktari. Huo wekundu nitauonaje?

Huenda usiuone. Kwenye ngozi nyeusi selulaitisi, yaani maambukizi ya bakteria ndani ya ngozi, hujitokeza kama zambarau iliyofifia au weusi unaong'aa, ngozi ikiwa imevimba na kukaza. Tumia mkono: gusa panapouma kwa mgongo wa kiganja, kisha gusa mahali palepale kwenye mguu wa pili. Kwa kawaida huugua mguu mmoja, una joto kuliko mwenzake, na eneo huzidi kutanuka.

Nipake nini?

Usipake kitu. Bakteria wako ndani ya ngozi na kwenye mafuta yaliyo chini yake, ambako malhamu haifiki. Mafuta ya taa na dawa ya meno ndiyo kabisa msinitajie.

Baba ana kisukari. Jana mguu ulimuuma juu ya kifundo, leo uvimbe umefika katikati ya ugoko na anatetemeka kwa baridi. Kuna amoksilini tatu zimebaki nyumbani, nimpe tusubiri asubuhi?

Mpeleke hospitali sasa hivi. Kutetemeka hivyo kunatia shaka kwamba maambukizi yameingia kwenye damu, na kisukari huweza kufisha hisia za miguu, kwa hiyo usipime hatari kwa jinsi anavyolalamika. Kabla hamjatoka, zungushia ukingo wa eneo kwa kalamu na uandike saa. Daktari wa zamu ataona linavyokwenda. Mwambie pia kama penisilini imewahi kumdhuru. Huenda akatundikiwa dawa ya mshipa.

Amoksilini tatu si dozi. Tena stafilokoki, mmoja wa bakteria wanaoleta ugonjwa huu, mara nyingi haisikii amoksilini. Ndiyo maana wengi hupewa klosasilini au dawa za jamii yake. Muuza duka anayekukatia vidonge viwili viwili kwa mkasi anakuuzia ucheleweshaji.

Akipata nafuu, mtazame katikati ya vidole. Fangasi yenye mpasuko ni mlango wa bakteria. Isipotibiwa, mtarudi wodini.

Nimeanza dawa jana, wekundu umepita mstari kidogo. Zimeshindwa?

Si lazima. Siku ya kwanza au ya pili unaweza kusogea kidogo huku homa na maumivu yakipungua. Ukiendelea kutanuka baada ya siku mbili, au homa ikipanda, rudi. Lakini maumivu makali kuliko kinachoonekana, malengelenge, ganzi au ngozi kugeuka nyeusi havisubiri hata saa moja: huenda nyama za ndani zinaoza, na hapo anatakiwa daktari wa upasuaji. Usizime maumivu hayo kwa diklofenaki ukalala.

Nikutumie picha uniambie ni nini?

Kila wiki swali hili! Picha haina joto, na bonge la damu kwenye mshipa wa ndani huvimbisha mguu ukafanana na huu, ilhali matibabu yake ni mengine kabisa. Nenda kapimwe leo.