Jina la mashua ya babu yako

"Mama, nataka kuirudishia rangi mashua ya babu. Imeandikwa ZAMU tu, halafu pameachwa nafasi kubwa pande zote mbili. Zamu ya nani? Nimalizie?"

Mwanangu,

Nafasi uliyoiona ilikuwa ya neno YANGU. Lilikuwa limeshachorwa kwa chaki kulia na kushoto, na mimi ndiye niliyeshika ncha ya uzi wakati babu yako akipiga mstari. Ngoja nikueleze lilivyofutika.

Babu yako alivulia vyombo vya watu tangu ujana hadi kichwa kikawa cheupe. Samaki wakiuzwa, chombo kinachukua fungu lake, wavu unachukua lake, kinachobaki ndicho wanachogawana waliovuta. Kwa hiyo alipopata mashua yake uzeeni, jina halikuwa jambo la kuamua kwa dakika mbili. Mbao zilikuwa zimekwisha kupigwa kalafati na yeye bado analitafuta.

La kwanza kumjia lilikuwa jina la bibi yako, ambaye alikuwa ameshafariki. Akalala nalo usiku mmoja tu. Asubuhi akaniambia, "Haiwezekani. Siku ikitoboka watasema katoboka. Ikikwama mchangani watasema wamemsukuma watu wanane." Nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye mwenyewe akacheka, lakini alimaanisha.

Watu wakampendekezea Salama. Hilo alilikataa kwa sababu ya kazi. Kwanza kulikuwa na vyombo vingine vyenye jina hilohilo, na usiku ukiita jina moja wakaitikia wawili, hujui nani yuko wapi. Pili, fikiria mtu anapiga ukelele kutoka majini, "Salama inazama!" Atakayesikia nusu ya maneno atageuka upande wa pili alale. Jina la chombo linatakiwa lisikike peke yake, hata upepo ukilikata. Ndiyo maana pia hakutaka methali ndefu ambazo vijana walikuwa wanampa kila jioni. Zile zinapendeza kusomwa chombo kikiwa kimepandishwa nchi kavu. Ukizipigia kelele baharini, pumzi inakwisha kabla ya methali.

Mwishowe akasema, "Nitaandika Zamu Yangu." Sikuuliza kwa nini. Nani angeuliza?

Sasa upande wa rangi, nao usikilize maana utakuhusu. Alitaka herufi nyekundu. Fundi mmoja akamwambia nyekundu ni nzuri mchana, lakini jua likishazama ndiyo rangi ya kwanza kugeuka nyeusi machoni, na juu ya ubao wa buluu haitaonekana kabisa. Ndiyo maana zikawa nyeupe. Urefu wa herufi ulitoka kwenye ubao wenyewe. Ubao wa juu kabisa una upana wa sentimita 18, na babu yako hakukubali herufi ivuke kiungo cha mbao mbili. Pale kwenye kiungo ndipo pamba ya kalafati ilipo. Mbao zikilowa zinavimba, zikikauka zinanywea, na rangi iliyopita juu yake inapasuka mstari mzima. Ukiona jina la chombo limekatwa katikati kama kwa kisu, sababu ni hiyo. Basi akaacha sentimita 3 juu, 3 chini, herufi zikawa za sentimita 12.

Upande wa kushoto jina linaanzia omo na kwenda nyuma, na huko nafasi ilikuwa tele. Akapiga chaki maneno yote mawili, akaandika ZAMU kwa mkono wake. Ukiitazama ile M utaona mguu wake mmoja umeyumba. Mkono ulikuwa umeanza kumtetemeka, na ile M ilimkasirisha sana.

Upande wa kulia mambo yanageuka, kwa sababu jina linaanzia nyuma na kuishia omo. Pale omo, kulia, ndipo kamba ya nanga inaposugua, na nyuma yake kidogo ndipo wavu unapovutwa. Katikati ya sehemu hizo mbili kulikuwa na sentimita 90 zisizoguswa na kitu. Tukahesabu: herufi moja upana wa 8, pengo 3, jumla 11. Herufi ziko tisa, hiyo ni 99, bado hujaweka nafasi kati ya maneno. G na U zingeangukia kwenye njia ya kamba, na baada ya msimu mmoja ingesomeka ZAMU YAN.

Mimi nikamwambia tupunguze. Herufi za sentimita 9, upana 6, pengo 2, jina zima linakaa ndani ya 80 na nafasi inabaki. Akasema tutafuta upande wa kushoto kwa ajili ya hesabu? Nikanyamaza. Akamwita yule kijana mkubwa kati ya wawili waliokuwa wamsaidie kuvua, wale waliopiga kalafati bila kulipwa, kwa ahadi ya samaki wa kwanza. Akampa brashi, maana hakutaka M nyingine iliyoyumba.

Kijana yule alikuwa mtu wa kusoma kwa sauti. Akapiga magoti, akafuata chaki kwa kidole kuanzia mwanzo hadi mwisho, akasoma, "Zamu... yangu." Akarudia tena, safari hii akitabasamu, kama mtu anayejaribu kofia: "Zamu yangu!" Mdogo wake akampokonya neno, naye akasema, "Wewe nani? Zamu yangu!" Wakaanza kusukumana huku kopo la rangi liko wazi.

Nilidhani babu yako atawafokea kwa ajili ya ile rangi. Hakufoka. Alisimama na kitambaa mkononi anawatazama. Kijana akaandika Z, A, M, U, kazi safi kabisa, akageuka kuuliza kama aendelee. Babu yako akasema, "Acha ikauke."

Kesho yake nilikuta chaki imefutwa pande zote mbili. Kila aliyemuuliza alijibiwa habari ya kamba ya nanga. Nami nilimwuliza, nikamkumbusha kwamba kwa sentimita 9 lingeingia. Akaniambia, "Najua lingeingia," akaendelea kushona wavu.

Kuhusu rangi yako: usipake ubao ukiwa na unyevu, wala jua la saa sita likiwa kali, itafanya malengelenge. Mahali palipopakwa mafuta ya samaki pafute kwanza kwa tapentaini kisha piga msasa, la sivyo rangi mpya itabanduka kama ganda la kitunguu. Herufi zilizopo zifuate zilivyo, pamoja na ile M. Na kama utaongeza neno lolote, pima upande wa kulia kwanza, kamba ya nanga bado inapita palepale. Utaongeza lipi, au utaacha, hilo kazungumze na hao utakaokwenda nao baharini. Mimi siendi.

Mama yako