Kunong'ona tafsiri kiwandani: wageni wanne wa Kihispania na mashine za korosho

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimepewa kazi ya kuwakalimania wageni wanne wanaozungumza Kihispania watakaotembezwa kwenye kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara, saa mbili nzima, nikiwa peke yangu. Meneja anataka niwanong'oneze wakati msimamizi anaeleza kwa Kiswahili, ili ziara isichelewe. Nisimame wapi ili wote wanisikie, sauti yangu nitailindaje, na wakinikatiza kwa maswali katikati nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kabla hujafikiria pa kusimama, omba uruhusiwe kupita kiwandani siku moja kabla, mashine zikiwa zinafanya kazi. Katika kila chumba, simama na mtu umbali wa mkono ulionyooshwa, mzungumze. Mkilazimika kupaza sauti ili msikilizane, kelele hapo inakaribia au imeshapita desibeli 85, kiwango ambacho watu wa usalama kazini hukichukua kuwa mwisho kwa zamu yenye urefu wa saa nane bila kinga ya masikio. Sauti ya chini haiwezi kushinda kelele hiyo, hata ukiwa fundi namna gani. Kwa hiyo gawa vyumba mafungu mawili kwenye karatasi yako: panaponong'oneka na pasiponong'oneka.

Katika kiwanda cha kawaida cha korosho, panaponong'oneka ni ofisini, ghala la korosho ghafi, na chumba cha kupanga madaraja. Chumba cha boila, mashine za kubangua na mashine za kumenya ngozi kwa hewa ya kompresa viweke fungu la pili. Huko mwombe msimamizi aeleze kila kitu nje ya mlango, wewe utafsiri kwa sauti ya kawaida baada yake, sentensi tatu nne kwa zamu, kisha muingie mtazame bila mtu kusema. Maswali yaulizwe mkishatoka upande wa pili. Meneja akihofia muda, mweleze kuwa maelezo yaliyomezwa na mashine hurudiwa yote mlangoni, na hapo ndipo ziara huchelewa.

Sasa pa kusimama. Kunong'oneza hufaa wasikilizaji wawili, na watatu kwa taabu. Wanne ni wengi, kwa sababu yule wa mbali atakulazimisha upandishe sauti, na ukiipandisha utamfunika msimamizi unayemsikiliza. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuomba mkalimani wa pili, kila mmoja achukue wageni wawili. Ya pili ni seti ya kutembezea wageni: kipaza sauti kidogo chenye kisambaza mawimbi kwako, na kipokezi chenye kisikilizi cha sikio moja kwa kila mgeni. Seti hiyo huifikisha sauti yako kwa wageni, lakini wewe bado unamsikia msimamizi kwa hewa tupu. Kazi nyingi huharibika hapo: wageni wanakusikia vizuri huku wewe humsikii msemaji. Kama seti ina visambazaji viwili, kimoja mvalishe msimamizi kwenye masafa mengine, nawe uvae kipokezi chake. Kikiwa kimoja tu, usikae zaidi ya mita moja na nusu kutoka mdomoni mwake.

Ukinyimwa vyote, wanong'oneze wawili ambao wageni wenyewe wamewachagua. Wale wengine wawili wapate muhtasari kwa sauti kila kituo kinapoisha. Mpango huo utangazwe asubuhi ofisini, ili asiwepo wa kujiona ametengwa.

Kwa hao wawili, simama nusu hatua nyuma yao, katikati ya mabega yao, mdomo wako ukiwa sentimita 20 hadi 25 kutoka masikio yao. Umbali huo una sababu. Kila umbali unapopungua kwa nusu, sauti hupanda kama desibeli sita. Msikilizaji aliye sentimita 25 anapata kama desibeli 12 zaidi ya yule wa mita moja, na koo lako halijaongeza nguvu yoyote. Ukisimama mbele yao mkitazamana, unamficha msemaji na masikio yako yanamgeukia kisogo.

Halafu mpange msimamizi. Wengi hupenda kusimama wakiwa wameipa mashine mgongo, mkono unaonyesha nyuma. Ukiwatazama, sauti yao na kelele ya mashine vinakujia kutoka upande mmoja, na sikio hushindwa kuvitenganisha. Mwombe asogee ili mashine iwe ubavuni mwako au nyuma yako, yeye awe mbele, midomo yake ukiiona. Kama sikio lako moja ni zuri kuliko jingine, hilo ndilo limwelekee.

Mkiwa mnatembea, usitafsiri. Sakafu ya eneo la kubangulia huwa na mafuta ya maganda, foklifti hupita kwenye njia za ghala, na mtu anayesikiliza lugha moja na kusema nyingine haoni vizuri anapokanyaga. Patana na msimamizi kwamba maneno yake huanza wote wakishasimama.

Juu ya sauti, watu wengi hufanya kinyume na inavyotakiwa. Kunong'ona kwa pumzi tupu, nyuzi za koo zisipotetemeka, huonekana ni kujihurumia, lakini hewa nyingi hupita na kulikausha koo, na watu wengi hubana misuli ya shingo bila kujua. Tumia sauti yako halisi ukiishusha: chini, tulivu, midomo ikitamka konsonanti kwa makini. Weka vidole viwili kooni useme sentensi moja. Ukihisi mtetemo mdogo, uko sawa. Ukihisi upepo tu mdomoni, rudisha sauti kidogo. Barakoa za chumba cha madaraja hufifisha konsonanti, kwa hiyo mle ndani punguza kasi badala ya kuongeza nguvu.

Kunywa maji tangu saa moja kabla ya ziara, kisha funda dogo kila kituo kinapoisha, maji yasiyo ya baridi kali. Joto la Mtwara na vumbi la ngozi za korosho kwenye chumba cha kumenyea vitakukausha upesi. Koo likiwasha, meza mate au maji, usikohoe kwa nguvu kulisafisha, maana kukwaruza huko ndiko hulichubua. Peremende za minti huacha koo kavu zaidi. Kwa kuwa uko peke yako, omba mapumziko ya dakika kumi kila baada ya nusu saa. Wakalimani wawili hupokezana kila dakika 20 au 30 kwa sababu baada ya hapo akili huanza kuacha maneno, na mwenyewe hujui kuwa unayaacha. Dalili utaiona kwenye tarakimu: ukianza kuuliza namba mara mbili mbili, umechoka. Sauti ikikauka na isirudi kwa zaidi ya wiki mbili, muone daktari wa masikio, pua na koo.

Kuhusu kukatizwa, jambo la kwanza la kukubaliana ni kwamba kunong'ona kunakwenda upande mmoja, kutoka Kiswahili kwenda Kihispania. Swali la mgeni linarudi kwa sauti ya kusikika na wote, kwa Kiswahili, msimamizi akiwa amenyamaza. Kabla ya kuanza, waambie wageni kwamba mwenye swali ainue kiganja. Ukikiona, usikate sentensi. Malizia wazo lililo mdomoni, nawe umwinulie msimamizi kiganja, naye atafunga lake. Mgeni akikuuliza wewe sikioni, hata kama jibu unalijua, lipeleke kwa msimamizi. Ukilijibu mwenyewe umekosa sentensi mbili zilizopita wakati huo, na kosa lolote litahesabiwa kuwa kauli ya kiwanda.

Chukua mfano wa ghalani, penye kipimo cha ubora. Msimamizi anapasua sampuli ya kilo moja, anapima kokwa zinazofaa, anapata gramu 272, anasema, "Hii ni arobaini na nane, safi sana." Mgeni anainua kiganja: asilimia 48? Ukiwa hujajiandaa, hapo utakwama. Hiyo 48 ni pauni za kokwa zinazotarajiwa kutoka kwenye gunia la kilo 80. Gramu 272 mara 80 ni gramu 21,760, na pauni moja ni gramu 453.6, ndiyo inakuja karibu 48. Kwa asilimia ni 27 tu na kidogo, kwa hiyo mgeni angeondoka na picha potofu kabisa ya mzigo. Ukiijua hesabu hii, tangu mwanzo utatamka "pauni 48 kwa gunia la kilo 80", na swali lenyewe halitazuka. Likizuka, mwachie msimamizi aonyeshe kwenye mizani.

Mitego mingine ya namba ni ya lugha zenyewe. Msimamizi akisema mvuke huwashwa saa moja, kwa mgeni ni saa 7 asubuhi. Akisema mauzo ya bilioni kumi, kwa Kihispania ni "milioni elfu kumi", kwa sababu neno lao linalofanana na bilioni ni kubwa mara elfu. Na daraja la W320 ni kokwa nzima 300 hadi 320 kwa pauni moja, hivyo namba ikipanda kokwa ni ndogo zaidi, kinyume na mgeni anavyoweza kudhani. Jina la korosho nalo si moja Hispania, Meksiko, Venezuela na Amerika ya Kati. Uliza wageni wanatoka wapi.

Watu wawili wakisema kwa pamoja, mfuate msimamizi, na uwaambie wageni kwamba kuna mwingine anaongea. Msimamizi akigeuka kumwelekeza mfanyakazi kwa Kimakonde, sema kifupi kwamba anatoa maelekezo ya kazi, unyamaze upumzishe koo. Mashine ikiwashwa ghafla, usishindane nayo: inua mkono, onyesha mlango. Kuna kukatizwa kumoja tu ambako unaacha sentensi katikati, nako ni onyo. Mtu akipaza sauti kwamba foklifti inarudi nyuma, neno la kwanza litokalo kwako ni la kuwasimamisha wageni, kwa Kihispania, kwa sauti yako yote.

Mwisho wa ziara omba robo saa mezani kwa maswali yaliyobaki. Hapo huhitaji kunong'ona tena. Tafsiri kwa zamu, daftari mkononi, namba na vipimo ukiviandika kabla ya kitu kingine chochote.